Amri ya sita ni "Usiue" au "Usizini"? Tulinganishe Amri Kumi na orodha za dini nyingine

Kibatari
Wakuu, habari za jioni. Mwanangu yuko darasa la nne. Kwenye jaribio la somo la dini waliulizwa: "Taja amri ya sita ya Mungu." Akaandika "Usizini". Akawekewa kosa, mwalimu akaandika pembeni kwa wino mwekundu "Usiue". Mtoto karudi analia, mama yake kawaka, maana ndiye aliyemfundisha. Mke wangu ni Mkatoliki, mimi Mwanglikana, na kwenye kitabu changu cha sala ya sita kweli ni "Usiue".

Kazini nikalisimulia kama kichekesho. Jamaa mmoja Mwislamu akasema hata Kurani ina amri kumi zake. Mwingine akadai zote zilichukuliwa Misri. Hapo nikaishiwa maneno. Kama sisi wenyewe tunaosoma Biblia hatukubaliani ya sita ni ipi, hizo za wengine tunazilinganishaje? Wenye ujuzi karibuni. Matusi ya dini sitaki.

Jasiri wa Imani
Jibu ni rahisi. Wakatoliki walifuta amri ya pili, ile ya kutochonga sanamu, kwa sababu makanisa yao yamejaa sanamu. Zikabaki tisa, wakaigawa ya mwisho vipande viwili zirudi kumi. Mtoto wako amefundishwa orodha iliyochakachuliwa.

Mama Nuru
Jasiri, mleta mada kasema matusi hataki, umeanza na sentensi ya kwanza.

Mwalimu Mstaafu
Kibatari, mpe pole mtoto. Amejibu sawa, na mwalimu naye amesahihisha sawa. Kosa ni la swali.

Fungua Kutoka 20. Hakuna namba za amri pale. Namba unazoziona ni za mistari, nazo ziliwekwa karne nyingi baadaye. Neno "kumi" lenyewe linatoka kwingine, Kutoka 34:28 na Kumbukumbu la Torati, na kwa Kiebrania ni "maneno kumi", halisemi amri. Basi una maandishi yenye makatazo na maagizo zaidi ya kumi ukiyahesabu moja moja, halafu unaambiwa ni maneno kumi. Lazima mtu aamue akate wapi.

Wayahudi wanasema neno la kwanza ni "Mimi ni BWANA, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri". Hilo wala si agizo, ni utambulisho, ila ni neno, kwa hiyo linahesabika. La pili kwao ni miungu mingine na sanamu pamoja. Waanglikana, Wapresbiteri na Waorthodoksi wanafanya miungu mingine kuwa ya kwanza na sanamu kuwa ya pili. Wakatoliki wanaunganisha hizo mbili kuwa ya kwanza, kwa hiyo kuanzia hapo namba zao ziko nyuma kwa moja hadi mwisho, ambapo wanaitenganisha "usitamani": mke peke yake, mali peke yake.

Jasiri, umepata nusu. Ni kweli kwenye katekisimu fupi maneno ya sanamu huwa hayaonekani, maana ya kwanza imefupishwa. Lakini mkato huo ni wa Agostino, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya ugomvi wa Matengenezo ya Kanisa. Na ukiushutumu, mshutumu na Luther, maana Walutheri wanahesabu hivyo hivyo. Waulize wa KKKT kwenye kipaimara "Usizini" ni ya ngapi. Watakwambia ya sita.

Jasiri wa Imani
Hilo la Walutheri sikulijua. Lakini bado, kugawa tamaa mara mbili ni kutafuta namba.

Mwalimu Mstaafu
Angalia Kumbukumbu 5:21. Pale mke anatajwa kwanza, peke yake, ndipo inakuja nyumba, shamba, mtumwa, ng'ombe na punda. Katika Kutoka 20:17 nyumba ndiyo inaanza, mke anafuata. Wakatoliki wamekata kwa kufuata Kumbukumbu, Walutheri kwa kufuata Kutoka. Kwa hiyo hata hao wawili wanaolingana mpaka ya nane wanaachana kwenye ya tisa: Mkatoliki atasema mke, Mlutheri atasema nyumba. Ukitaka kujua orodha imetoka kanisa gani, usiisome yote. Tazama ya pili na ya tisa, inatosha.

Saa Saba
Wote mmepotea, amri inayovunjwa kila wiki hamuigusi. Siku ya saba ni JUMAMOSI. Mwanzo 2:2. Nani aliwapa ruhusa ya kuhamisha?

Kibatari
Ndugu yangu, uzi wa Sabato upo, una kurasa 60. Tuache hapa tuhesabu kwanza.

Ustadh wa Kisiwani
Assalaam alaykum. Mwenzako wa kazini hakukosea, ila ni vizuri ajue anachosimamia. Kurani haisemi mahali popote "hizi ni amri kumi". Kuna sehemu mbili ambazo watu huziweka kando ya zile za Musa. Ya kwanza ni Suratul-An'am, aya ya 151 hadi 153, inayoanza: njooni niwasomee aliyowaharamishia Mola wenu. Ya pili ni Suratul-Israi, kuanzia aya ya 22 hadi 39.

Ile ya An'am ukiihesabu inafika kumi bila kuilazimisha. Usimshirikishe Mungu, wazazi watendewe wema, watoto wasiuawe kwa sababu ya umaskini, machafu yasikaribiwe ya dhahiri wala ya siri, nafsi isiuawe ila kwa haki. Hizo tano ziko kwenye aya moja. Aya ya pili ina nne: mali ya yatima, vipimo na mizani, kusema kwa uadilifu hata kama anayehusika ni jamaa yako, na kutimiza ahadi ya Mungu. Aya ya tatu ina moja, kufuata njia iliyonyooka. Na aya inayofuata mara moja, ya 154, inasema: kisha tukampa Musa Kitabu. Ndiyo maana wasomaji wengi wamehisi kuna uhusiano.

Fundi Saa
Ustadh nimezisoma mara mbili. Wizi uko wapi?

Ustadh wa Kisiwani
Swali zuri, na wengi wanaotengeneza zile jedwali za "amri kumi za Biblia na Kurani" wanaliruka. Neno "msiibe" halimo An'am wala Israi. Kuna aina mbili za wizi zimetajwa kwa majina yake: kula mali ya yatima na kupunja mizani. Tazama ni wizi wa nani. Ni wa ami aliyeachiwa watoto wa marehemu, na wa mwenye duka. Hawa hawavunji mlango, funguo wanazo. Hukumu ya mwizi wa kawaida iko Suratul-Maida, ni sheria ya mahakama, si orodha ya mawaidha.

Ukitaka orodha yenye "kutoiba" ndani yake nenda Suratul-Mumtahina, aya ya 12. Hapo wanawake waumini wanakuja kumpa Mtume kiapo: hawatamshirikisha Mungu na chochote, hawataiba, hawatazini, hawatawaua watoto wao, hawatazua uongo, hawatamuasi katika jambo jema. Hiyo ni baia. Mtu anajifunga mwenyewe.

Kuhusu Sabato, ndugu Saa Saba, ipo hadithi katika mkusanyo wa Tirmidhi. Mayahudi wawili walimuuliza Mtume juu ya ishara tisa za Musa. Akawatajia: shirki, wizi, zinaa, kuua, kumpeleka asiye na hatia kwa mtawala auawe, uchawi, riba, kumsingizia mwanamke msafi, na kukimbia vitani. Tisa. Kisha akaongeza: na ninyi Mayahudi hasa, msiivunje Sabato. Hapo zinakuwa kumi, na ya kumi inaambiwa wao peke yao.

Mwalimu Mstaafu
Ustadh, hadithi hiyo si ndiyo Ibn Kathir, mfasiri wa Kurani, aliitilia shaka? Nakumbuka alisema msimulizi huenda alichanganya ishara tisa na maneno kumi, maana ishara tisa ni fimbo, mkono, nzige na kadhalika.

Ustadh wa Kisiwani
Naam, aliitilia shaka. Tirmidhi mwenyewe aliiita njema na sahihi. Nimeileta kwa sababu inaonyesha kwamba Waislamu wa mwanzo walizijua kumi zile na walijua Sabato ndiyo inayozitenganisha. Hilo halibadiliki hata msimulizi akiwa amechanganya.

Mtoto wa Nile
Mnazunguka mbuyu. Musa alilelewa kwa Farao. Wamisri walikuwa na sheria 42 za Maat, mungu wao wa kike wa haki, kabla ya Sinai: usiue, usiibe, usizini, usiseme uongo. Alichagua kumi akapanda nazo mlimani. Afrika ndiyo chimbuko, tumefichwa.

Mwalimu Mstaafu
Mtoto wa Nile, kitu unachokisema kipo, lakini hakiko hivyo. Ni sura ya 125 ya kile kinachoitwa Kitabu cha Wafu. Nakala maarufu ni mafunjo ya Ani, yako Makumbusho ya Uingereza, ya miaka kama 1250 kabla ya Kristo. Isome usikie inavyosema. Haisemi "usiue". Inasema "sikuua".

Huyo anayesema ni maiti. Ameingia ukumbi wa hukumu, moyo wake unapimwa kwenye mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mbele yake wamekaa miungu 42, na kwa kila mmoja anakana kosa moja. Sikuiba. Sikuzini. Sikumliza mtu. Kuna tangazo jingine kabla ya hilo ambamo anasema hakuongeza wala kupunguza kipimo, hakuwanyang'anya watoto maziwa midomoni, hakuzuia maji wakati wake. Hilo la maji unalielewa ukikumbuka wanaishi kwa mto mmoja. Ni kosa la jirani wa juu ya mfereji.

Kwa hiyo zile si sheria 42, ni kanusho 42, na hata maneno yake yanatofautiana kutoka nakala hadi nakala, maana kila tajiri aliandikiwa ya kwake azikwe nayo. Halafu fikiria: ungepataje "usiwe na miungu mingine" kwa kuchagua kutoka hotuba anayotoa mtu mbele ya miungu 42?

Sisi Waswahili tunaona haraka tofauti hii kwa sababu lugha yetu inaiweka mbele ya neno. *Usi-* ni mtu mmoja anaamriwa. *Msi-* ni kundi. *Siku-* ni mtu anajitetea kwa yaliyopita. *Sita-* ni mtu anaahidi. Kabla ya kulinganisha yaliyomo, kata viambishi vya mwanzo uvipange. Makatazo ya Sinai ni *usi-* tupu, mmoja mmoja, ingawa waliosimama chini ya mlima ni taifa zima. Ustadh atanisahihisha, lakini An'am ni *msi-*.

Ustadh wa Kisiwani
An'am ni *msi-*, sahihi. Israi inachanganya. "Msiwaue watoto wenu" ni wingi, lakini "usiwaambie wazazi ah!" ni umoja, na "usitembee duniani kwa maringo" ni umoja. Sijawahi kulitazama kwa jicho hilo. Kama ningekisia, yale ya jamii nzima yamekuja kwa wingi na yale ya tabia ya mtu ndani ya nyumba yake kwa umoja, ila "msiikaribie zinaa" ni wingi, kwa hiyo kisio langu halisimami vizuri.

Mtoto wa Nile
Sawa, ni kanusho. Lakini huwezi kukana kuvunja sheria ambayo haipo. Kama anasema "sikuiba", basi kuiba kulikatazwa.

Mwalimu Mstaafu
Hapo una hoja, na nakubali. Kuiba kulikatazwa Misri, na kila mahali. Ninachokataa ni kwamba orodha moja ilinakiliwa kutoka nyingine. Kuua, kuiba, zinaa na uongo vinaonekana popote watu wanapokaa pamoja, kwa hiyo havithibitishi nani alimsomea nani. Ushahidi wa kunakili ungekuwa kwenye vitu vya ajabu ajabu vinavyofanana. Sabato Misri haimo. Moyo kupimwa kwa unyoya, Sinai haumo.

Chinja Chinja
Samahani wakuu, mimi nachinja pale Vingunguti, ng'ombe na mbuzi, ni kazi yangu miaka 11. Hiyo "usiue" inanihusu? Kuna dada mteja kaniambia Wabudha wana amri hiyo hiyo na mimi nimeivunja mara elfu.

Kibatari
Mkuu, hapa tunaongelea kulinganisha, ila swali lako zuri. Nani anawajua Wabudha?

Baharia Mstaafu
Nimekaa Kolombo, Sri Lanka, miezi saba meli yetu ikiwa chelezoni. Nyumba niliyopanga, yule mama alikuwa anasema zile tano kila asubuhi mbele ya kisanduku cha maua. Nikamwomba anitafsirie. Haambiwi "usi". Anasema kwa Kipali, lugha ya maandiko yao, maneno yanayokuja kama: najitwalia zoezi la kujizuia na kuua kiumbe. Halafu kuchukua kisichotolewa. Halafu uchafu wa zinaa, uongo, na vileo vinavyoleta uzembe. Kila moja inamalizika na "najitwalia". Nikamuuliza, ukikosea je? Akacheka, akasema kesho asubuhi nasema tena. Siku za mwezi mpevu wanajitwalia nane, siku hiyo nyama na pombe haviuzwi, sisi mabaharia tuliteseka.

Bwana Chinja Chinja, dada mteja kasema kweli nusu. Kwao kiumbe ni pamoja na ng'ombe, hata mbu. Biashara ya nyama nayo imo kwenye kazi tano ambazo muumini anashauriwa aziache, pamoja na silaha, watumwa, vileo na sumu. Lakini yule mama samaki alikuwa anakula. Alinunua aliyekwisha kufa.

Chinja Chinja
Kwa hiyo dhambi yangu, kitoweo chake.

Mwalimu Mstaafu
😂 Kwa Biblia uko salama. Kitenzi kilichotumika pale Sinai ni *ratsach*, na hakitumiki kwa kuchinja mnyama, wala kwa kawaida hakitumiki kwa askari vitani. Ni kuua mtu nje ya haki. Lakini kwenye Hesabu 35 kitenzi hicho hicho kinatumika pia kwa aliyeua bila kukusudia, ndiyo maana wanaosema "kitafsiriwe mauaji ya kukusudia tu" nao hawajamaliza kazi. "Usiue" ya Kiswahili ni pana kuliko Kiebrania, na zoezi la Wabudha ni pana kuliko zote mbili. Jedwali litaweka hizo tatu kwenye mstari mmoja na kuandika "sawa".

Mzee wa Mgulani
Vijana, mmesema *sita-* nikakumbuka shule. Tulikuwa tunasimama mstarini tunazitaja ahadi za TANU. "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." "Cheo ni dhamana, sitatumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Hakuna aliyekuamuru, ulijiamuru wewe kwa sauti mbele ya wenzako. Hiyo ni ya yule mama wa Kolombo kabisa, isipokuwa sisi tulikuwa kaptula.

Na angalia neno la mwisho, mwiko. Kwenye miiko wazee wetu hawakuhitaji *usi-* wala *sita-*. Walisema "kufanya hivi ni mwiko", basi. Haina mtu ndani yake. Haisemi nani kakataza wala nani kaahidi.

Mwalimu Mstaafu
Shikamoo mzee. Hilo la mwiko sikulifikiria, na linaharibu mpango wangu wa viambishi. Nitalilalia.

Mama Nuru
Mimi nina swali na naomba nisijibiwe kwa mzaha. "Usimtamani mke wa jirani yako." Hiyo *usi-* anaambiwa nani? Mimi sina mke wa jirani wa kumtamani. Halafu nimefungua Sabato, Kutoka 20:10: usifanye kazi wewe, wala mwana wako, wala binti yako, wala mtumwa wako, wala mjakazi wako, wala mnyama wako, wala mgeni. Punda kapumzika. Mke hakutajwa.

Mwalimu Mstaafu
Dada, Kiebrania kinatofautisha wewe-mwanamume na wewe-mwanamke, na pale ni mwanamume. Anayesemeshwa ni mwenye nyumba, mwenye mtumwa na punda. Kuhusu Sabato, wafafanuzi wengine wanasema mke hakutajwa kwa sababu yumo ndani ya "wewe". Wengine wanasema hakutajwa kwa sababu chakula lazima kipikwe. Marabi waliamua wanawake wanabanwa na Sabato sawa na wanaume, kwa hiyo kwao swali lilifungwa. Kwenye maandishi yenyewe liko wazi.

Mama Nuru
Wakimweka ndani ya "wewe" kwenye Sabato, wamweke na kwenye "usimtamani". Huwezi kumwingiza pale na kumtoa hapa.

Ustadh wa Kisiwani
Ndiyo maana niliitaja Mumtahina, dada. Pale wanaozungumza ni wanawake, kwa nafsi zao.

Mama Nuru
Nimeiona, Ustadh, ahsante. Ila hata pale wameulizwa kuhusu kuua watoto. Baba wa hao watoto aliulizwa wapi?

Ustadh wa Kisiwani
An'am na Israi, "msiwaue watoto wenu", hiyo ni ya wote. Na baia ya wanaume ya Aqaba, alivyoisimulia Ubada bin Samit, ina vipengele vilevile, cha watoto kikiwemo.

Kibatari
Nimerudi wakuu. Leo nimeenda shule na vitabu viwili vya sala, changu na cha mama. Mwalimu kavisoma vyote, kakaa kimya kidogo, kasema mwongozo wa kusahihisha umeandika "Usiue" na yeye hana mamlaka ya kuubadilisha, ila alama ya mtoto atairudisha. Nikamwambia swali lingesema "taja amri inayokataza kuua" lisingemponza mtu. Akaniambia nimwandikie hivyo mwalimu wa taaluma.

Sasa mtoto kaniuliza njiani: "Baba, na ya kuwaheshimu wazazi ni ya nne au ya tano?" Nikamwambia kwa mama ya nne, kwangu ya tano. Akasema basi ataanza na mama.